Goti Lililopinda Huanzia Nyongani

Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, kuna chumba kilichozungukwa na kamera 12 zinazoona mwanga ambao macho yetu hayauoni. Waigizaji waliingia humo wamevaa nguo nyeusi za kubana, zimebandikwa vigololi 41 vinavyoakisi mwanga. Wakatembea, wakakimbia, wakaruka, wakakaa kwenye kiti, nazo kamera zikarekodi mahali kilipo kila kigololi mara 120 kwa sekunde. Miendo hiyo imewekwa kwenye mtandao na mtu yeyote anaweza kuipakua bila kulipa. Ndiyo maana wengi wanaojifunza uhuishaji nyumbani, wenye kompyuta ya kawaida na programu ya bure kama Blender, huanza safari yao na klipu moja ya matembezi kutoka maktaba hiyo.

Klipu yenyewe ni safi. Mtu anatembea kama watu wanavyotembea, mabega yanacheza, uzito unahama kutoka mguu huu kwenda ule. Kisha unamhamishia mwendo huo mhusika wako uliyemchonga mwenyewe, na kitu cha kwanza unachokiona ni magoti. Yamepinda. Hayapindi wakati wa kuinua mguu tu, maana hapo ni haki yao, bali hata wakati mguu umekanyaga chini na mwili mzima umesimama juu yake. Kijana uliyemchora mwenye nguvu anatembea kama mzee anayeugua mgongo, au kama mtu anayenyata usiku asisikike.

Jambo linaloniuma ninapotazama kazi za vijana wetu ni jinsi wanavyohangaika na tatizo hili mahali ambapo halipo. Wanalishika goti, wanalinyoosha fremu moja baada ya nyingine, na kila wanapolinyoosha unyayo unahama na kuteleza sakafuni. Halafu wanaanza kurekebisha unyayo. Wiki inakwisha. Kumbe katika kesi nyingi goti linatii tu amri lililopewa, na amri hiyo imetoka kwenye nyonga iliyo chini kuliko inavyopaswa, au kwenye mkao ambao mhusika alichongwa nao. Nitaeleza yote mawili, na namna ya kuyatofautisha.

Tuanze na kilichomo ndani ya klipu. Faili la mwendo, kwa mfano lile la aina ya BVH, kwanza linaeleza kiunzi cha mifupa ya mwigizaji: paja lina urefu gani, muundi una urefu gani, mfupa gani umeungana na upi. Baada ya hapo, kwa kila fremu, linataja nyuzi za kila kiungo: nyonga imezunguka digrii ngapi, goti digrii ngapi, kifundo cha mguu digrii ngapi. Na linataja jambo moja zaidi ambalo si nyuzi, yaani mahali kiuno kilipo chumbani: kiko juu ya sakafu kwa kiasi gani, kimesogea mbele kwa kiasi gani.

Nyuzi zinahamishika kwa urahisi. Goti lililopinda digrii 60 kwa mwigizaji linaweza kupinda digrii 60 kwa mhusika yeyote, awe mtoto au jitu. Mahali pa kiuno hapahamishiki hivyo, kwa sababu hicho ni kipimo cha urefu, na urefu huo ni wa mwili wa mwigizaji.

Nitachukua mhusika mmoja tumfuate mpaka mwisho. Kwa kuwa miguu yake ni mirefu kupita kawaida, nimemwita Ngongoti, jina la wale wachezaji wa Kimakonde wanaocheza juu ya miti. Vipimo nimevifanya vyepesi ili hesabu ifuatike. Mwigizaji ana paja la sentimita 45 na muundi wa sentimita 45, kwa hiyo mguu wake kutoka nyonga hadi kifundo ni sentimita 90. Kifundo chenyewe kiko sentimita 8 juu ya sakafu. Akisimama wima, nyonga yake iko sentimita 98 juu. Ngongoti ana paja la sentimita 54 na muundi wa 54, jumla 108. Amevaa buti lenye soli nene, hivyo kifundo chake kiko sentimita 12 juu ya sakafu. Akisimama wima, nyonga yake inatakiwa kuwa sentimita 120.

Ukinakili nyuzi zote pamoja na mahali pa kiuno kama palivyo, nyonga ya Ngongoti itakaa sentimita 98 juu ilhali mguu wake unahitaji 120. Miguu itanyooka vizuri, lakini nyayo zitazama sentimita 22 chini ya sakafu. Hapo karibu kila mtu huwasha IK. Hii ni njia ya kuuongoza mguu kuanzia chini: unaiambia programu unyayo uwe hapa, nayo inatafuta yenyewe goti lipinde kiasi gani ili nyonga na kifundo vyote vikae mahali vilipoamriwa. Katika Blender utaikuta kwa jina la `Inverse Kinematics`. Unyayo unapanda juu ya sakafu kama ulivyotaka, lakini nyonga haikupanda nao. Kati ya nyonga na kifundo imebaki nafasi ya sentimita 86, na ndani yake lazima uingie mguu wa sentimita 108. Goti halina pa kwenda ila mbele. Linapinda digrii 74, na Ngongoti anatembea nusu amechuchumaa.

Kosa la ukubwa huo huonekana mara moja, na wengi hulirekebisha. Mguu wa Ngongoti ni 108, wa mwigizaji ni 90, uwiano wake ni 1.2, basi wanazidisha mahali pa kiuno kwa 1.2. Nyonga inapanda kutoka 98 hadi 117.6. Mhusika anasimama, anatembea, anaonekana mtu. Lakini magoti bado yamepinda, si kwa kiasi cha kuchekesha, kwa kiasi cha kukera tu. Hapa ndipo watu huacha kuhesabu na kuanza kunyoosha kwa mkono, na hapa ndipo ningewaomba wasimame kidogo.

Sentimita 117.6 zinapungua kwa 120 kwa sentimita 2.4 tu. Kwa mwili wenye mguu wa zaidi ya mita moja, hicho kinaonekana kitu cha kupuuza. Lakini fikiria kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kati ya nguzo mbili. Ikivutwa ikakaza, imenyooka. Zisogeze nguzo karibu kwa kiasi kidogo sana, na ukining'iniza shuka katikati, kamba inashuka kwa kiasi kikubwa zaidi ya kile ulichosogeza. Mguu ulionyooka una tabia hiyohiyo. Nyonga ikishuka kidogo, goti linatoka mbele sana. Kwa Ngongoti, upungufu wa sentimita 2.4 unalisukuma goti mbele sentimita 11 na kulipinda digrii 24.

Anayetaka kuhakikisha anaweza kuhesabu mwenyewe. Paja na muundi vikiwa na urefu sawa, hesabu ni hii, iliyoandikwa kwa Python:

```python
import math

def pindo_la_goti(umbali, mguu):
    return 2 * math.degrees(math.acos(umbali / mguu))

print(pindo_la_goti(105.6, 108))
```

Umbali ni nafasi iliyopo kati ya nyonga na kifundo, mguu ni urefu wa paja ukijumlisha muundi. Jibu ni digrii 24.2. Weka 107 badala ya 105.6, yaani upungufu wa sentimita moja, utapata zaidi ya digrii 15. Jambo linalonishangaza kila ninapolirudia ni upande wa pili wa hesabu hii. Mtu anayetembea kwa kawaida, muda mfupi kabla kisigino chake hakijanyanyuka, goti lake hubaki limepinda kama digrii 5 hivi. Kwa mguu wa Ngongoti, digrii 5 ni upungufu wa milimita moja. Kwa hiyo tofauti kati ya kijana anayetembea kwa kujiamini na mzee anayejikokota ni sentimita 2 na kitu za nyonga, na jicho lako haliwezi kuziona kwenye nyonga yenyewe. Linaziona kwenye goti, ndiyo maana unalilaumu goti.

Sasa zile sentimita 2.4 zilitoka wapi, ilhali uwiano wa 1.2 ulikuwa sahihi? Zilitoka kwenye buti. Mguu wa Ngongoti ni mara 1.2 ya ule wa mwigizaji, lakini kifundo chake hakiko juu ya sakafu kwa mara 1.2. Kifundo cha mwigizaji kiko kwenye 8; mara 1.2 ni 9.6, cha Ngongoti kiko kwenye 12. Tofauti ni 2.4. Ukizidisha urefu wote wa nyonga kuanzia sakafuni, umezidisha mguu na kifundo kwa pamoja kana kwamba vyote viwili vimekua kwa kiasi kimoja, na karibu kamwe haviko hivyo. Unachopaswa kufanya ni kukitoa kifundo cha mwigizaji kwanza, uzidishe mguu peke yake, kisha uongeze kifundo cha mhusika:

```
nyonga_mpya = (nyonga_ya_mwigizaji - 8) * 1.2 + 12
```

Kwa 98 utapata 120 kamili. Kwa fremu nyingine yoyote, ambamo nyonga imeshuka au kupanda kidogo katika hatua, utapata kiwango kinachofaa kwa fremu hiyo. Mwendo wa kwenda mbele na wa kando unauzidisha kwa 1.2 ileile bila kuongeza kitu. Usithubutu kutumia uwiano mmoja kwa kimo na mwingine kwa hatua. Hatua zikiwa ndefu kuliko uwiano wa miguu, kila mguu unaotangulia utashindwa kufikia mahali pa kukanyaga. Zikiwa fupi, magoti yatarudi kupinda hata kama kimo cha nyonga umekipata barabara.

Kosa jingine la familia hiyohiyo ni kuchukua uwiano kutoka kimo cha mtu mzima, utosini hadi unyayoni. Wahusika wa katuni wana vichwa vikubwa na shingo za namna zote, na hivyo vinaingia kwenye kimo bila kuhusika na mguu. Pima kutoka kiungo cha nyonga hadi kiungo cha kifundo, ndani ya kiunzi, si juu ya ngozi. Na angalia kwamba mahali pa kiuno panapotajwa kwenye faili ni pa mfupa mkuu wa kiuno, ambao mara nyingi uko juu kidogo ya viungo vya nyonga. Kwa mwigizaji unaweza kuwa juu kwa sentimita 5, kwa mhusika wako kwa sentimita 9. Tofauti hiyo nayo itaangukia gotini usipoihesabu.

Wanaotumia klipu za Carnegie Mellon wana mtego mmoja zaidi. Urefu katika mafaili yao ya asili umeandikwa kwa inchi zilizozidishwa kwa 0.45. Ukiona kiuno kiko kwenye 17 na kitu, usidhani ni sentimita wala inchi. Gawa kwa 0.45, zidisha kwa 2.54, utapata sentimita: 17 inakuwa kama 96.

Hayo ni ya nyonga. Sasa kuna goti lililopinda ambalo nyonga haina hatia nalo kabisa, na hili linatokana na mkao wa mwanzo. Kila kiunzi kina mkao ambao mchongaji alikiacha nao alipokuwa anakiunganisha na ngozi ya mhusika. Programu inauchukulia mkao huo kuwa sifuri. Inaposoma kwamba goti limezunguka digrii 5, maana yake ni digrii 5 kutoka kwenye mkao huo.

Wachongaji wengi hukipa kiunzi goti lililopinda kidogo tangu mwanzo, na wana sababu nzuri. Mguu ulionyooka kama rula hauipi IK dalili yoyote ya upande ambao goti linapaswa kupinda, na unaweza kupinda nyuma kama wa kuku au kukataa kupinda kabisa. Pindo dogo, tuseme la digrii 8, linaondoa shaka. Lakini kiunzi cha mwigizaji mara nyingi kina goti lililonyooka kabisa kwenye mkao wake wa mwanzo. Ukinakili nyuzi kwa `Copy Rotation` katika `Local Space`, unanakili kiasi ambacho kila mfupa umetoka kwenye sifuri yake. Mwigizaji yuko digrii 5. Ngongoti anaongeza 5 juu ya 8 alizokuwa nazo, anakuwa na 13. Mguu ukiwa hewani na mwigizaji ana 60, Ngongoti ana 68. Zile digrii 8 zinamfuata kila fremu, kila mguu, mwanzo hadi mwisho wa klipu.

Mafaili ya Carnegie Mellon yana ukaidi wao hapa pia. Kwenye kiunzi chao cha asili, mkao wa mwanzo una miguu iliyopanuliwa kando, kila mmoja digrii 20 kutoka wima. Mwigizaji akisimama kawaida, faili linasema mapaja yamezungushwa kuelekea ndani digrii 20. Nakili hilo kwa mhusika ambaye miguu yake tayari inaangalia chini moja kwa moja, na miguu itapishana. Ukiona magoti yanagongana au miguu inakatana, usigusе klipu. Umelinganisha sifuri mbili zisizofanana.

Dawa yake ni kuzifanya sifuri hizo zifanane kabla ya kuunganisha mfupa wowote. Unamweka mwigizaji kwenye mkao unaofahamika, kwa kawaida wa kusimama wima mikono imenyooshwa kando. Toleo la BVH la klipu hizo lililoandaliwa kwa ajili ya MotionBuilder lina mkao huo kwenye fremu ya kwanza, na hiyo ni zawadi ya kweli. Kisha unamweka mhusika wako kwenye mkao huohuo, magoti yamenyooka kwa kiasi kilekile, na unaiambia programu ya kuhamisha mwendo kwamba hapa ndipo pa kuanzia kulinganisha. Programu nyingi za kazi hii zina sehemu maalumu ya kuweka mkao wa kulinganishia bila kuubadilisha mkao wa asili wa kiunzi. Itumie hiyo. Mkao wa asili uliochongwa na digrii 8 uendelee kuwepo kwa ajili ya IK.

Kuna wanaochagua kubadilisha mkao wa asili wenyewe, kwa amri ya Blender ya `Apply Pose as Rest Pose`. Inafanya kazi, ila mifupa itabadilika na ngozi haitabadilika nayo: mhusika aliyekuwa amenyoosha miguu atarudi ghafla kwenye umbo la zamani huku mifupa ikiwa imetoka mahali pake. Lazima kwanza uithibitishe kazi ya `Armature` kwenye ngozi, ndipo ubadilishe mkao, ndipo uiunganishe ngozi upya. Na kama uso wa mhusika una maumbo ya kutabasamu na kusema, Blender itakataa kuithibitisha. Mimi siishauri njia hii kwa mhusika aliyekwisha kukamilika.

Sasa swali la msingi: utajuaje goti lako limepinda kwa sababu ipi? Zima IK. Hicho tu. Mwache mhusika na nyuzi zilizonakiliwa peke yake, ucheze klipu ukimtazama kutoka ubavuni. Kama magoti yamenyooka vizuri lakini nyayo zimezama sakafuni, mkao wa mwanzo uko sawa na nyonga ndiyo iliyo chini. Kiasi cha kuzama ndicho kiasi cha kuipandisha. Kama nyayo zinaelea, nyonga iko juu mno. Na kama magoti yanabaki yamepinda hata IK ikiwa imezimwa, basi acha nyonga, nenda kwenye mkao wa mwanzo. Kama yote mawili yapo, anza na mkao wa mwanzo, kwa sababu ukianza na nyonga utakuwa unaipandisha kulipia pindo ambalo si lake.

Baada ya hapo ndipo kazi ya mwisho ya kupima. Tafuta fremu ambayo mwigizaji amekanyaga unyayo mzima na goti lake limenyooka kuliko fremu zote, kwa kawaida muda mfupi kabla kisigino hakijainuka. Katika klipu ya fremu 120 kwa sekunde, mzunguko mzima wa mguu mmoja huchukua takriban sekunde moja, na fremu unayoitafuta huwa kama ya 40 hadi 50 tangu kisigino kilipogusa chini. Soma pindo la goti la mwigizaji hapo, kisha soma la mhusika. Blender haikuonyeshi pindo la mwisho baada ya IK kufanya kazi yake, lakini unaweza kuliuliza:

```python
import bpy, math
p = bpy.data.objects["Ngongoti"].pose.bones
a = p["paja.L"].vector
b = p["muundi.L"].vector
print(math.degrees(a.angle(b)))
```

Weka majina ya kiunzi chako mahali pa hayo. Jibu likiwa 0, mguu umenyooka kabisa. Mwigizaji akiwa na 5 na mhusika akiwa na 11, bado nyonga inahitaji kupanda kidogo. Fungua `Graph Editor`, chagua nukta zote za mstari unaobeba kimo cha kiuno, bonyeza `G`, kisha `Y`, kisha andika kiasi. Blender kwa kawaida hupima kwa mita, kwa hiyo milimita 4 ni `0.004`. Nukta zote zipande pamoja kwa kiasi kimoja. Ukipandisha fremu moja tu, kiuno kitaruka hapo, na mtazamaji ataona mrukio huo kabla hajaona goti. Rudia kusoma mpaka namba mbili zikaribiane, kisha angalia mguu wa pili.

Usizidishe. Nyonga ikipita kiwango, mguu unafika mwisho wa urefu wake kabla unyayo haujafika mahali pake. Goti linanyooka hadi sifuri, linabaki sifuri kwa fremu kadhaa, kisha linafyatuka kupinda kwa ghafla. Ile tabia ya kamba ndiyo inayofanya mfyatuko uwe mkali: karibu na kunyooka kabisa, milimita moja ya nyonga ni digrii nyingi za goti, kwa hiyo mwendo laini wa kiuno unageuka kuwa mshtuko gotini. Hutokea zaidi kisigino kinapogusa chini mbele, na pale mguu wa nyuma unapokaribia kuondoka, kwa sababu mguu uliolala kimshazari unahitaji urefu zaidi kuliko uliosimama wima. Chora pindo la goti kwenye mstari wa muda. Ukiona sehemu bapa kwenye sifuri, shusha kiuno milimita moja au mbili. Pindo dogo lisilo la lazima ni afadhali mara nyingi kuliko goti linalofyatuka.

Kuna miendo ambayo hesabu hii haiwezi kuiokoa. Michael Gleicher alipochapisha mwaka 1998 utafiti wake wa kuhamisha mwendo kwa wahusika wapya, aliliweka wazi: mwendo una mambo ambayo lazima yabaki kweli hata mwili ukibadilika, kama unyayo kukaa ulipokanyaga na mkono kubaki kwenye kitu ulichokishika. Matembezi kwenye sakafu tupu yanastahimili kuzidishwa kwa sababu sakafu tupu haina kipimo. Ngazi ina kipimo. Mwigizaji akipanda ngazi zenye kimo cha sentimita 17 kila moja, hesabu ya 1.2 inamwinua Ngongoti sentimita 20.4 kwa kila hatua, na kwenye ngazi ya pili tayari anaelea karibu sentimita 7 hewani. Hapo unyayo ndio unaotangulia: unauweka juu ya kila ngazi ilipo kweli, kisha nyonga inapangwa upya kuufuata, na magoti yatapinda pungufu kuliko ya mwigizaji. Hilo si kosa. Mtu mwenye miguu mirefu hupanda ngazi ileile kwa kukunja goti kidogo zaidi ya kidogo tu.

Na kwa matembezi, likibaki jambo moja ambalo magoti yamepona lakini mhusika bado hapendezi, tazama mwendo kasi. Ngongoti anapiga hatua ndefu mara 1.2 kwa muda uleule wa mwigizaji, kwa hiyo anaonekana mwepesi, hana uzito. Miguu mirefu hubembea polepole, na muda unaoufaa hukua kwa kipeuo cha pili cha uwiano, kwa 1.2 ni karibu 1.095. Mzunguko wa fremu 120 uufanye wa 131.

Ukimaliza yote haya, magoti ya mhusika wako bado hayatakuwa yamenyooka kama fimbo. Yatakuwa na digrii 5 wakati wa kusimamia mguu, na 15 hadi 20 punde tu baada ya kukanyaga, mwili unapopokea uzito. Yaache. Mwigizaji naye alikuwa nazo.